Laki nne, maongezi yapo: kuandika bei ya friji iliyotumika

Anayeuza friji mtandaoni hapa Dar es Salaam anajua swali la kwanza litakuwa lipi hata kabla simu haijalia. Halihusu lita, halihusu gesi, wala muda ambao friji imetumika. Mtu anaandika maneno mawili tu: "Mwisho ngapi?" Wapo wauzaji wanaokasirika, wakafuta ujumbe au wakajibu kwa mkato, na wapo wanaotaja bei yao ya chini kabisa papo hapo ili wasisumbuliwe. Wote wawili wanapoteza. Mara nyingi chanzo ni tangazo lenyewe, kwa sababu halikumwambia mnunuzi kama bei inapungua, inapungua kwa kiasi gani, na maongezi hayo yafanyike lini na wapi.

Sisi tunaouza vyombo vya ndani vilivyotumika tumezoea kulitengeneza hilo ndani ya maandishi. Friji ni mfano mzuri wa kufundishia, kwa sababu ni mzigo mkubwa, unahitaji usafiri, na mnunuzi hawezi kujua ubora wake kwa picha. Mambo hayo matatu yote huingia kwenye maongezi ya bei.

Tuchukue friji ya milango miwili, lita 210, iliyotumika nyumbani miaka 3, ipo Tabata. Inagandisha vizuri, ila mpira wa mlango wa chini umelegea upande mmoja na droo ya mboga ina ufa. Tuseme umepita kwenye matangazo kama kumi ya friji za ukubwa huo na umri huo, ukaona watu wanataja kati ya 350,000 na 450,000. Kumbuka hizo ni bei zinazotajwa. Bei ambazo watu wameuzia kweli huzioni, na kwa kawaida huwa chini ya hapo.

Kazi ya kwanza haiandikwi popote. Ni kupanga bei ya moyoni, yaani ile ambayo mnunuzi akishuka chini yake kwa shilingi elfu kumi, bora friji ibaki. Kwa friji hii tuseme ni 360,000. Ipange ukiwa umetulia, kabla hujaanza kupokea simu. Anayeipanga wakati mnunuzi yupo sebuleni na pesa zimeshikwa mkononi huishia kuuza kwa bei ya mgeni.

Baada ya hapo unatafuta bei ya kutaja. Wengi hukosea hapa kwa kupandisha sana: "Nataka laki tatu na sitini, acha niandike laki tano, watanishusha." Zamani, mteja alipokuwa amesimama mbele ya kibanda, hilo liliwezekana, maana alikuwa ameshafika na asingeondoka bila kuuliza. Mtandaoni mteja hafiki. Kwenye Facebook Marketplace na Jiji mnunuzi anaweza kuweka kiwango cha juu cha bei anachotaka kuona, na watu huweka namba za mviringo: laki tatu, laki nne, laki tano. Mwenye laki nne mfukoni akiweka kikomo cha 400,000, friji ya 420,000 haimtokei kabisa. Hatajua kwamba ungeishusha. Kwa hiyo zile elfu ishirini ulizoongeza ili zije zipunguzwe zimekuondolea wanunuzi ambao wangelipa 370,000 bila kelele.

Ndiyo maana friji hii tunaiandika 400,000 kamili. Inaonekana kwa mwenye laki nne, na kati ya bei ya kutaja na ya moyoni kuna 40,000, asilimia kumi. Nafasi hiyo inatosha. Noti yetu kubwa ni ya elfu kumi, na maongezi ya vitu vya laki kadhaa huenda kwa kushuka kumikumi, hivyo elfu arobaini ni hatua nne. Mnunuzi anaomba, unashuka moja. Anaomba tena, unashuka nyingine. Mnakutana 370,000 au 380,000, na kila mmoja ameona mwenzake amesogea. Ukibaki na nafasi ya elfu kumi tu, mnunuzi atakuona mgumu hata kama bei yako ni nzuri. Ukiacha laki nzima, atashangaa unavyoshuka haraka na ataanza kuitilia shaka friji yenyewe. Mtu anayeshuka kutoka laki tano hadi laki tatu na nusu ndani ya dakika tatu hutafsiriwa kuwa anaficha kitu.

Bei za 399,000 na 395,000 hatuzipendi kwa vitu vilivyotumika. Ni bei za dukani. Mnunuzi wa friji ya Tabata ataanza kwa kuufuta huo mkia, kisha aombe punguzo lake kana kwamba hajapewa kitu.

Sasa tuje kwenye kosa linalowagharimu watu wengi zaidi, la kuandika namba mbili: "Bei 400,000, mwisho 360,000." Muuzaji anaona amekuwa mkweli na amejiokolea muda. Mnunuzi anasoma vingine. Ile 400,000 kwake imekufa palepale, kwa sababu mwenye mali amekiri kwamba haina maana. Iliyobaki ni 360,000, na kwa mazoea yetu ya kupatana, namba yoyote iliyoandikwa hadharani ni ya kuanzia. Atakuja na 320,000 mkononi, na akikataliwa ataumia kweli, maana kwa upande wake ameomba punguzo la kawaida tu. Nawe huna pa kusogea. Umebaki kurudia "nimeshaandika ni mwisho" mbele ya mtu aliyepanda daladala mbili kukufuata.

Hilo la daladala lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyetoka Mbagala hadi Tabata ametumia nauli na nusu ya siku yake, na amemwambia mkewe au mumewe kwamba anakwenda kuangalia friji. Anataka arudi na neno la kusema: "Walitaka laki nne, nimewashusha." Ukiwa umeshatoa kila kitu kwenye tangazo, umemnyima neno hilo. Tunasisitiza hivi kwa sababu tumeona mauzo mengi yakivunjika kwa elfu kumi, na pande zote mbili zingeimudu. Kilichokosekana ni nafasi ya kupeana.

Badala ya namba ya pili, tangazo linabeba sentensi moja inayosema mambo mawili: kwamba kuna maongezi, na mahali pa kuongelea. Tunaandika hivi:

"Bei 400,000. Maongezi yapo kidogo, tukiwa mbele ya friji."

Neno "kidogo" lina kazi yake. Ukiandika "maongezi yapo" peke yake, wapo watakaoanza na laki mbili, maana sokoni wengi wamezoea kuanza na nusu ya bei iliyotajwa. "Kidogo" humwambia mtu aje na akili ya elfu kumi au ishirini, hata thelathini, bila kumtajia namba. Nayo "tukiwa mbele ya friji" inamjibu mapema anayeuliza mwisho ngapi. Unamwambia punguzo lipo, na atalipata akifika. Humfukuzi, humjibu kwa ukali, na hujaweka bei ya moyoni hadharani.

Kuna maneno tunayakwepa ingawa yapo kila mahali. "Kama huna pesa usipige." "Wasumbufu kaeni mbali." "BEI HAIPUNGUI" kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Anayeandika hivyo amechoshwa na watu kumi wa jana, lakini anayesoma ni mtu wa leo ambaye hajamkosea. Na cha ajabu, maneno hayo hayawazuii wanaosumbua, kwa sababu wao hawasomi tangazo, wanabonyeza ule ujumbe wa tayari wa kuuliza kama bidhaa bado ipo. Anayesoma hadi mwisho ni mnunuzi makini, na yeye ndiye anayekerwa.

"Bei njoo inboksi" nayo tuiache. Sababu yake huwa ni kutaka kumpima mteja kabla ya kumtajia, na wateja wanaijua. Mtu anayelinganisha matangazo kumi na tano usiku akiwa kitandani hataandika ujumbe kumi na tano kuuliza bei. Atawapigia wale wanne walioiandika. Mbaya zaidi ni kuweka 1 au 1,234 kwenye kisanduku cha bei, kisha bei halisi ndani ya maelezo. Anayechuja kwa bei hukuona kwenye kundi lisilo lako, na anayebonyeza akakuta 400,000 tayari amekasirika. Namba ya kwenye kisanduku na ya ndani ya maandishi ziwe ile ile, shilingi kwa shilingi. Pale ambapo fomu inakuuliza kama bei inajadiliwa, jibu lako lifanane na maandishi pia. Kuchagua kwamba haijadiliwi huku chini umeandika maongezi yapo kunamfanya msomaji asijue aamini lipi.

Na bei usiichape juu ya picha. Picha inasambaa. Itaingia kwenye stetasi za watu na makundi ya WhatsApp, na siku utakapobadilisha bei, ile picha ya zamani itaendelea kuzunguka na namba ya zamani. Kama uliishusha, utawakosa walioona bei kubwa. Kama uliipandisha, utaitwa mwongo.

Kasoro za friji ndizo hasa huamua bei ya mwisho, kuliko maneno ya maongezi yenyewe. Mnunuzi akifika hufungua mlango na kutafuta kitu cha kushushia bei. Asiyekuta kitu huanza kushusha kwa hofu: "Sijui kompresa yake, nikifika nyumbani ikifa je?" Hofu haina bei maalumu, hivyo mtu anaweza kudai apunguziwe hata laki kwa ajili yake. Akikuta kasoro ambayo hukuitaja, anaidai mara mbili, kwanza kwa kasoro yenyewe na pili kwa ulivyoificha.

Dawa ni kuitaja na kuihesabu ndani ya bei, tena kwa uwazi. Usiandike "ina kasoro ndogondogo". Andika: "Mpira wa mlango wa chini umelegea upande wa bawaba. Droo ya mboga ina ufa. Bei imewekwa kwa kuzingatia hayo." Sentensi ya tatu ndiyo inayokulinda. Mnunuzi akiugusa mpira mbele yako na kusema "hii bosi itabidi nikabadilishe," una jibu la heshima: ndiyo, na ndiyo maana ipo laki nne. Lakini sentensi hiyo iwe ya kweli. Kabla ya kuiandika, muulize fundi wa friji wa mtaani kwako mpira na kazi vinakwenda kwa kiasi gani, na kiasi hicho ukiondoe ulipokuwa unapanga bei ya moyoni. Ukiandika "nimezingatia" bila kuondoa kitu, mnunuzi aliyewahi kubadilisha mpira atakujua.

Mpira wenyewe unapimwa kwa noti. Weka noti ya elfu kumi kati ya mlango na fremu, funga, kisha ivute taratibu. Ikikaza unasikia mpira ukiishika. Ikiteleza kama inatoka kwenye daftari, hapo pamelegea. Zunguka mlango mzima namna hiyo, sehemu saba au nane, kisha andika kwenye tangazo ni upande gani umelegea. Anayesoma "upande wa bawaba" anaelewa kwamba mwenye friji ameipima, na mtu huyo hawezi kuamini tena kwamba unaficha ugonjwa mkubwa. Maneno matatu hayo huondoa hofu kuliko kuandika "friji kali sana, haina shida" mara tatu.

Upande wa kompresa, tangazo liahidi kitu ambacho mnunuzi atakikuta: "Inawaka hadi sasa. Ukifika utaikuta na barafu." Kisha usiichomoe. Kuna watu huisafisha, huikausha, na kuiacha mlango wazi ili ipendeze kwenye picha, halafu mteja akifika ndipo wanaichomeka. Kompresa itaunguruma, lakini barafu haitengenezwi kwa dakika ishirini, na mnunuzi anaondoka akisema atarudi. Chupa mbili za maji zilizoganda kwenye friza zinatetea ile laki nne vizuri kuliko wewe. Kama ndani kuna karatasi ya kiwandani inayoonyesha lita na aina ya gesi, ipige picha ikisomeka. Fundi wa mnunuzi ataiomba, na kila swali linalojibiwa kabla ya safari linapunguza hoja ya kushushia bei mlangoni.

Kinachofuata ni gharama zinazozunguka bei, ambazo watu huziacha nje ya tangazo halafu zinarudi kama ugomvi. Usafiri ni wa kwanza. Usipoutaja, mnunuzi atapatana hadi 370,000 kisha aseme "na kirikuu juu yako". Andika tu: "Usafiri ni wa mnunuzi. Ipo chini, kirikuu inafika mlangoni." Nusu ya pili ya sentensi hiyo inamwambia hatahitaji vijana wa kubeba ngazi tatu, na kwa watu wengi hilo ni punguzo tosha. Kama friji ipo ghorofani, taja ghorofa ya ngapi.

Nyingine ni ile ya kutolea. Mnunuzi akilipa kwa simu, nani analipa makato ya kuzitoa? Kwa laki tatu na kitu si pesa nyingi, lakini tumeona watu waliokwishakubaliana wakibishana kwa dakika kumi juu yake, tena friji ikiwa tayari imepakiwa. Unaweza kuandika "ukilipa kwa simu weka na ya kutolea", na watu watakuelewa. Sisi tunapendelea kuimeza ndani ya bei ya moyoni na kuandika "taslimu au kwa simu, bei ni ile ile". Mnunuzi anajiona amepewa kitu, nawe umeshakihesabu.

Halafu kuna dalali. Sehemu kubwa ya maswali ya "mwisho ngapi" hutoka kwake, na ana sababu: anataka kujua ataweka cha juu kiasi gani. Ukimtajia 360,000, kesho utaiona friji yako kwenye tangazo lingine kwa 450,000, na wale walioona zote mbili wataikimbia, maana bidhaa yenye bei mbili hunuka. Ukitaka kufanya naye kazi, liseme kwenye tangazo: "Dalali karibu, chako nitakulipa mimi, ila bei kwa mnunuzi ibaki hii." Ukiandika hivyo, fahamu unalipa kutoka kwenye ile elfu arobaini. Ukimpa elfu ishirini, maongezi yako na mnunuzi yamebaki hatua mbili. Kama hutaki dalali kabisa, "friji ni yangu mwenyewe, nauza moja kwa moja" inatosha, na inamfurahisha mnunuzi bila kumtukana mtu yeyote.

Tangazo zima linakuwa hivi:

"Friji ya milango miwili, lita 210, imetumika nyumbani miaka 3. Inawaka hadi sasa, ukifika utaikuta na barafu. Mpira wa mlango wa chini umelegea upande wa bawaba, na droo ya mboga ina ufa. Bei imewekwa kwa kuzingatia hayo. Bei 400,000. Maongezi yapo kidogo, tukiwa mbele ya friji. Unaona, unajaribu, ndipo unalipa. Hakuna kutanguliza pesa. Taslimu au kwa simu, bei ni ile ile. Usafiri ni wa mnunuzi. Ipo Tabata, chini, kirikuu inafika mlangoni. Kuonekana ni kuanzia saa 11 jioni siku za kazi, Jumamosi kutwa. Ni yangu mwenyewe."

Angalia mpangilio. Kasoro zimetangulia bei. Msomaji akikutana na 400,000 tayari anajua inahusu friji yenye mpira uliolegea, hivyo haanzi kuishusha kwa ajili ya mpira. Ukigeuza, bei ikaja kwanza na kasoro zikafuata, kila kasoro anayoisoma inakuwa sababu ya kupunguza. Maneno ni yale yale, lakini msomaji anafika kwenye ile namba akiwa na mawazo tofauti. Sentensi ya kutotanguliza pesa nayo ipo karibu na bei kwa makusudi: watu wameibiwa sana kwa "tuma kwanza nikushikie", na anayeogopa kuibiwa hana utulivu wa kupatana.

Hata kwa tangazo kama hilo, "mwisho ngapi" itakuja. Jibu bila kumkumbusha kwamba ameshindwa kusoma: "Karibu sana ndugu. Bei ni laki nne, ukija ukaiona nitakupunguzia. Unaishi wapi?" Swali la mwisho lina maana. Akiwa Segerea au Buguruni, mwache aje. Akiwa Kigamboni au Bunju, si uungwana kumsafirisha mtu mwenye laki tatu. Huyo mwambie pale ambapo bei haitafika: "Kwa kuwa unatoka mbali, nikwambie mapema, chini ya laki tatu na nusu haitafika." Hujataja bei ya moyoni. Umemtajia ukuta ambao upo chini yake kidogo, na anaweza kuamua kwa haki yake. Usiliweke hilo kwenye tangazo, maana likiandikwa hadharani litageuka namba ya kuanzia kama ile nyingine.

Atakayefika, hata kama mliongea kwenye simu, ataanza upya mlangoni. Ni desturi, usione amevunja ahadi. Ndiyo maana kwenye simu hatushuki zaidi ya hatua moja. Na mkikwama kwenye elfu kumi ya mwisho, inafaa uwe na kitu kisicho pesa ambacho hukukitaja kwenye tangazo, kwa mfano kile kifaa cha kulinda friji umeme ukipanda na kushuka. Kiwepo ukutani, kinaonekana, lakini hakimo kwenye maelezo. "Haya mama, toa laki tatu na themanini, na hiki ondoka nacho." Kingekuwa kimeandikwa, angekihesabu kuwa chake tangu nyumbani.

Bei moja ina mahali pake. Ukiwa unahama na friji lazima iondoke kabla ya mwisho wa mwezi, unaweza kuandika: "Bei 370,000, ni moja. Nimeiweka chini kwa sababu nahama tarehe 28." Watu huikubali bei isiyopungua wakiona sababu yake, na wakiona kweli ipo chini ya wenzake. Masharti ni mawili: iwe karibu kabisa na bei ya moyoni, na usiishushe baada ya hapo kwa mtu yeyote. Ukimuuzia jirani kwa 350,000 baada ya kuandika "ni moja", kundi zima la mtaa litajua, na tangazo lako la kochi wiki ijayo litasomwa hivyo hivyo.

Tangazo likikaa siku kumi bila kuuza, soma dalili kabla ya kushusha. Wengi wakiuliza mwisho ngapi na hakuna anayekuja, tatizo huwa kwenye maelezo: ongeza picha ya mpira na ya barafu, taja eneo na saa. Wakija watatu, wakaiangalia, wakaondoka kimya, basi kuna kitu wanakikuta ambacho hukukiandika; muulize wa nne kwa upole. Na ikiwa watu hawaandiki kabisa, ndiyo bei. Hapo shusha mara moja, kwa kiasi kinachoonekana, kutoka 400,000 hadi 370,000, na badilisha sentensi ya maongezi siku hiyo hiyo iwe "bei imeshushwa, nafasi iliyobaki ni ndogo sana". Kushusha elfu tano leo na elfu tano keshokutwa kunawafundisha waliokuwa wanakufuatilia wasubiri. Kwenye Facebook Marketplace ukipunguza bei, ya zamani huonekana imekatwa mstari kando ya mpya, kwa hiyo kila aliyekuwa anaichungulia ataona umesogea. Asubuhi ya siku inayofuata uwe karibu na simu, na zile chupa mbili ziwe zimeganda.